Hongera yenye mkia

Mtu akipanda cheo Rumonge, simu yake haipumziki kwa siku kadhaa. Habari hutoka redioni ikaingia sokoni, ikatoka sokoni ikafika mwaloni kwa wavuvi, na kabla ya adhuhuri ujumbe umeshaanza kumiminika: mwingine kwa Kirundi, mwingine kwa Kifaransa, mwingi kwa Kiswahili cha ziwani. Mpangilio wake unafahamika. Mstari wa kwanza unamshukuru Mungu. Wa pili unamsifu mhusika na kumkumbusha alikotoka. Wa tatu unaanza na neno “sasa”, na hapo ndipo shughuli ilipo: sasa usitusahau, sasa kuna mtoto wa dada yangu amemaliza shule, sasa kile kibali chetu.

Aliyefungua biashara naye hasalimiki. Duka halijamaliza wiki, rangi ya mlango haijakauka, na tayari ameshapokea hongera tano zinazomalizikia kwenye mkopo wa dumu la mawese.

Wapo wanaosema dawa ni kuacha kuomba kabisa. Hao ama wana mishahara ya uhakika, ama wamesahau jinsi mambo yanavyopatikana ufukweni hapa. Kuomba hakuna aibu. Tatizo ni kubana hongera na ombi zito katika pumzi moja, siku ambayo mwenzako hana nafasi ya kufikiri wala ujasiri wa kukataa. Hongera inaweza kubeba ombi, na tangu zamani imebeba, lakini ombi hilo liwe jepesi, liwe la baadaye, na mwenye kuombwa aweze kusema hapana bila kuona haya.

Msimu wa vyeo

Mwaka 2025 uliwapa watu wa Rumonge mazoezi mengi ya kupongeza. Burundi ilipunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42, na wananchi wakapiga kura tarehe 5 Juni katika mipaka hiyo mipya. Rumonge, uliokuwa umefanywa mkoa Machi 2015, ukarudi kuwa tarafa ndani ya mkoa wa Burunga, ambao makao yake makuu yako Makamba.

Kwa familia ya kawaida maana yake ni nini? Ni kwamba yule karani mliyemzoea, aliyejua faili lenu liko kabati gani, huenda amehamishwa. Ofisi iliyokuwa mwendo wa miguu kutoka sokoni sasa kwa mambo fulani iko Makamba, safari ya kupitia Nyanza-Lac na kupanda milima, katika nchi ambako mafuta ya gari yamekuwa adimu kwa miaka kadhaa. Watu wapya wakakaa kwenye viti, na wa zamani wakarudi nyumbani. Kila mwenye shida akaanza kutafuta namba mpya za simu.

Ndipo ujumbe wenye mkia ulipozidi. Haukutokana na tamaa peke yake. Ulitokana na hofu ya kuachwa nje, kwa kuwa familia iliyopoteza mtu wake wa kuulizia mambo ofisini hujiona imerudi mwanzo wa foleni. Hofu hiyo inaeleweka. Ila ujumbe unaotumwa kwa hofu huandikwa vibaya.

Ndiyo ya aibu

Watafiti wawili wa Marekani, Francis Flynn na Vanessa Lake, walichapisha mwaka 2008 majaribio yaliyogusa jambo hili hili. Waliwatuma watu kuwaomba wapita njia wasiowajua msaada mdogo, kama kujaza dodoso, lakini kwanza waliwauliza: unadhani itakubidi uombe watu wangapi ndipo upate idadi uliyopangiwa? Waombaji walikisia karibu mara mbili ya idadi iliyohitajika kweli. Kwa maneno mengine, watu walikubali kwa wepesi kuliko waombaji walivyodhani.

Msomaji asiishie hapo akafurahi, maana sababu ndiyo yenye uzito. Mwombaji hufikiria ukubwa wa anachokiomba. Mwombwaji hufikiria atakavyoonekana akikataa. Watu wengi husema ndiyo kwa kuwa hapana ni chungu kutamka mbele ya mtu. Na kama hapana ni chungu kwa mpita njia asiyekujua, itakuwaje kwa mtu aliyezungukwa na jamaa wanaomshangilia, soda zimefunguliwa, shangazi yake yuko jikoni na sahani ya pilau iko mkononi?

Hapo atasema ndiyo kwa kila mtu. Atasema “hakuna shida”, “nitaangalia”, “Inshallah tutaonana”. Mwombaji ataondoka amefurahi na kwenda kumwambia mke wake kwamba jambo limekwisha. Mke ataanza kupanga. Pengine watakopa kwa kutegemea ajira ya kijana ambayo haikuahidiwa na mtu yeyote aliyekuwa na akili yake tulivu. Baada ya miezi miwili simu haipokelewi, na familia mbili zilizokuwa zikisalimiana vizuri sasa zinakwepana kwenye njia ya msikitini au kanisani.

Ndiyo iliyotolewa kwa aibu haina tarehe. Mtu anayekubali kweli hutaja siku, mahali, jina la mtu wa kumwona au karatasi ya kuleta. Anayekubali ili aondokewe hutaja Mungu tu, na Mungu hasaini barua.

Ombi jepesi hupimwaje?

Wengi hudhani ombi jepesi ni ombi la fedha kidogo. Sivyo. Uzito wa ombi ni gharama yake kwa anayeombwa, siku ile anapoombwa. Faranga elfu tano kwa mtu aliyefungua duka jana na bado anadaiwa kodi ni nzito kuliko elfu hamsini kwa mtu huyo huyo baada ya mwaka.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayotokea kila siku. Mama mmoja hununua mukeke mwaloni alfajiri na kuwauza sokoni, wengine huwapeleka Bujumbura, kama kilomita 75 kwa barabara ya kando ya ziwa. Samaki ambao hawakununuliwa hadi jioni huwauza kwa bei ya kutupa, au huwakausha. Kuna kijana aliyekuwa akisafiri naye kwenye basi, wanajuana kwa salamu. Siku moja anasikia kwamba kijana yule amefungua chumba cha baridi karibu na bandari.

Ujumbe ambao wengi wangeandika ni huu: “Hongera sana mdogo wangu, Mungu ni mkubwa! Sasa sisi mama zako utatuhifadhia samaki bure, si ndiyo?” Umeandikwa kwa utani, na mwandishi wake atajitetea kwamba alikuwa anatania. Lakini kijana atausoma saa nne usiku, akiwa amekaa na daftari la madeni, jenereta inakula mafuta aliyoyapata kwa taabu, na ujumbe kama huo ni wa saba kwa siku ile. Kila mmoja anataka kona ndogo tu. Bandu bandu huisha gogo, na kona ndogo saba ni chumba kizima.

Mama mwenye akili huandika hivi: “Mdogo wangu, nimesikia umefungua chumba cha baridi. Hongera sana. Nakumbuka ulivyokuwa ukilalamika kwenye basi kwamba samaki wetu wanaharibikia njiani, na leo umelifanyia kazi. Ukishatulia nitapita unioneshe kinavyofanya kazi. Salamu kwa nyumbani.” Basi.

Sentensi moja ndani yake inatosha kumtofautisha na wote: ile ya kwenye basi. Hongera isiyo na kitu mahususi inaweza kutumwa kwa mtu yeyote, na mpokeaji anajua hivyo. Hongera inayotaja neno alilosema mwenyewe, au kazi aliyoifanya mpaka akafika hapo, inamwambia kwamba mtumaji alikuwepo na alisikiliza. Kuhusu mkia, upo, tena hadharani: nitapita unioneshe. Ni ombi, lakini linagharimu dakika kumi, halina tarehe ya kumbana, na mwenye biashara yoyote mpya hupenda kuionesha.

Kisha anakwenda kweli. Haendi mikono mitupu, haendi na zawadi pia. Anakwenda na sanduku moja la samaki, anauliza bei, na analipa bei hiyo bila kuomba punguzo. Huyu ni mteja. Katika wiki za mwanzo hakuna hongera inayomfaa mwenye biashara kuliko mteja anayelipa, na ajabu ni kwamba jamaa wa karibu ndio wa mwisho kulifahamu hilo. Ni biashara ngapi Rumonge zimekufa kwa kukosa wateja, na ngapi zimekufa kwa kuwa na wateja wengi wa ukoo?

Ombi lenyewe linakuja baadaye, na hapa ujuzi wa ziwa unaingia. Samaki wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta ndagala na mukeke kukiwa na giza. Mwezi ukipevuka, taa hazina nguvu, mitumbwi mingi hupumzika, samaki huadimika na bei hupanda. Siku hizo chumba cha baridi hubaki na nafasi, kwa sababu hakuna kinacholetwa. Mama anayejua kuhesabu usiku hutuma ujumbe siku chache kabla: “Mdogo wangu, wiki ya mwezi nadhani utakuwa na nafasi. Nataka kuweka masanduku mawili ya mukeke kwa siku nne, kwa bei yako ya kawaida. Naomba nilipe nusu nikiweka na nusu nikitoa. Kama haiwezekani niambie tu, nitawauza siku hiyo hiyo.”

Ombi hilo lina kiasi, lina siku, lina bei, na lina mlango wa kutokea. Anachoombwa kijana ni kusubiri nusu ya malipo kwa siku nne, katika nafasi ambayo vinginevyo ingekaa wazi na kupozwa bure. Akikubali, mama amepata samaki wa kuuza sokoni siku ambazo wenzake hawana. Akikataa, hakuna aliyevunjiwa heshima, na mlango wa mara nyingine haujafungwa.

Bila shaka mambo yanaweza kuharibika. Umeme ukikatika usiku mzima na jenereta ikakosa mafuta, samaki watalegea, macho yatafifia, na kutatokea ubishi wa nani alipe hasara. Afadhali jambo hilo lisemwe kabla: umeme ukikatika hasara ni ya nani? Kuuliza hivyo hakuharibu urafiki. Kunyamaza ndiko hugeuza hasara ya masanduku mawili kuwa kesi ya mtaa mzima.

Kiti cha serikali si chumba cha baridi

Mwenye biashara anaweza kutoa kilicho chake. Mwenye cheo cha umma hana chake cha kutoa isipokuwa muda wake, maarifa yake na uaminifu wake. Wahenga walisema cheo ni dhamana, na dhamana haigawiwi kwenye sherehe.

Burundi ina sheria nambari 1/12 ya tarehe 18 Aprili 2006 ya kuzuia na kuadhibu rushwa, na sheria hiyo haimwandami mpokeaji peke yake. Mtoaji naye yumo. Wanaobeba kreti ya Primus au gunia la mchele kwenda kumpongeza mkuu mpya, wiki moja kabla faili lao halijafika mezani kwake, huiita zawadi ya heshima. Mila ya kutokwenda kwa mtu mkono mtupu ni nzuri na ya kale. Lakini mpokeaji akiwa ndiye atakayeamua jambo lako, mila hiyo inamweka yeye na wewe pabaya, hata kama hakuna aliyenuia ubaya.

Je, hakuna cha kumwomba mtu wa ofisi? Kipo, tena cha faida. Mwalimu aliyefanywa mkuu wa shule hawezi kuombwa nafasi ya mtoto aliyekosa alama. Anaweza kuombwa, wiki kadhaa baada ya hongera, aeleze ni karatasi zipi zinatakiwa kuhamisha mwanafunzi na mwisho wa kuzipeleka ni lini. Ofisa mpya wa tarafa hapaswi kuombwa apitishe kibali. Anaweza kuulizwa kibali cha aina hiyo sasa kinatolewa Rumonge au Makamba. Baada ya mabadiliko ya 2025 jibu la swali hilo peke yake linaweza kuokoa nauli ya siku mbili na siku mbili za kazi, na halimgharimu aliyeulizwa kitu chochote, wala halimweki kwenye hatari.

Kuna kipimo kimoja kinachosaidia. Jibu unaloliomba likisomwa kwa sauti mbele ya watu waliopanga foleni nje ya ofisi, watakasirika? Wakikasirika, ombi hilo si jepesi, hata kama limefungwa kwa maneno ya Mungu akubariki.

Wanaosingizia utamaduni nao wakumbushwe kwamba utamaduni wa Warundi ulikuwa na subira kubwa kuliko hii. Katika ubugabire, mtu aliyepewa ng’ombe hakudaiwa kesho yake. Alimtunza, ng’ombe akazaa, akazaa tena, ndipo baada ya miaka mtunzaji alipokuja kurudisha ndama kwa shukrani, jambo linaloitwa kwitura. Ubugabire ulikuwa na unyonge wake, kwa sababu ulimfunga mdogo kwa mkubwa, na hakuna haja ya kuutamani. Lakini muda kati ya kupewa na kudaiwa ulihesabiwa kwa mimba za ng’ombe, si kwa dakika za WhatsApp.

Wanaonyamaza

Upande wa pili wa jambo hili hauzungumzwi. Kwa kila mtu anayetuma ujumbe wenye mkia, yupo mwingine asiyetuma chochote. Mara nyingi ni mwanamke, au kijana wa familia isiyo na jina, au mtu aliyerudi kutoka kambi za Tanzania na kuwakuta wenzake wameshajuana. Anasikia kwamba aliyesoma naye amepanda cheo, anafurahi kimyakimya, anajiambia: nitaonekana namfuata kwa sababu ya cheo. Ananyamaza. Miaka inapita, na kila mwaka kimya kinazidi kuwa kigumu kuvunja.

Huyu anapoteza zaidi ya anavyodhani. Mwanasosholojia Mark Granovetter alipowahoji wanaume wa mji wa Newton, karibu na Boston, kuhusu walivyopata kazi, aligundua jambo lililowashangaza wengi alipoliandika mwaka 1973. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 17 hivi tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya nusu walionana naye mara mojamoja, na asilimia 28 hivi walikuwa hawaonani naye ila kwa nadra sana. Sababu yake ni rahisi: ndugu na majirani wanajua yale yale unayoyajua wewe. Habari mpya hutoka kwa mtu wa mbali kidogo, anayeishi katika kundi jingine.

Newton si Rumonge, na wazungu wa ofisini si wavuvi. Hata hivyo mtu wa Rumonge anao watu wa namna hiyo wengi kuliko anavyojua: aliyesoma naye ambaye sasa yuko Bujumbura, mfanyabiashara aliyejuana naye Kigoma, jamaa wa Uvira anayepita na mitumbwi, mpangaji wa zamani aliyehamia Gitega. Hawezi kuwapigia bila sababu. Cheo au duka jipya ni mojawapo ya sababu chache za heshima za kuvunja kimya cha miaka mitano. Tena hongera ya mtu wa mbali haitarajiwi, kwa hiyo husomwa.

Hapo ombi jepesi lina kazi maalumu: linampa mwenzake jambo la kujibu. Hongera tupu hujibiwa “asante sana” na mazungumzo yanaisha. Hongera inayosema “nikifika Bujumbura baada ya mavuno nitakupigia nikusalimie” inaacha kamba mikononi mwa wote wawili. Msichana aliyemaliza uhasibu anaweza kumwandikia aliyekuwa jirani yao, sasa meneja wa tawi la chama cha akiba na mikopo, akamwambia kwamba siku atakayokuwa na nafasi angependa kumuuliza maswali mawili kuhusu kazi ile. Haombi ajira. Anaomba maswali mawili, na awe nayo kweli yameandikwa, maana anayeomba kuuliza halafu akafika na bahasha ya vyeti amedanganya, na atajulikana.

Ukumbusho ni mmoja. Ukipita mwezi na hakuna jibu, ujumbe mwingine mfupi unatosha, usio na lawama. Usipojibiwa huo, jibu umepata.

Mwenye cheo naye ana kazi

Haya yote hayamwondolei wajibu aliyepandishwa. Wengi wao huzima simu, au hubadilisha namba, kisha hushangaa kusikia mtaani kwamba wamevimba kichwa. Familia zao ndizo hubeba mzigo: mke ndiye anayepokea wageni alfajiri, watoto ndio wanaoambiwa shuleni “baba yako alituahidi”, na mshahara ulioongezeka kidogo huisha kwa chai na nauli za waliokuja kupongeza.

Njia iliyo nafuu ni kujibu mapema na kwa usawa, kabla matumaini hayajaota mizizi. Kwa hongera safi, shukrani safi. Kwa hongera yenye mkia mzito, jibu litenganishe vitu viwili: “Asante sana kaka kwa hongera, umenifurahisha. Kuhusu kijana, mimi siwezi kuingilia uajiri. Nafasi zikitangazwa nitakutumia tangazo, naye apeleke maombi kama wengine.” Mwombaji atakunja uso jioni ile. Lakini hatakopa kwa ajili ya kazi isiyokuwepo, na siku tangazo litakapotoka atalipata, mradi mwenye cheo akumbuke kulituma.